Blauzi nne, ukuta mmoja

Nina picha nne ambazo huzifungua kila mara kabla ya kurekodi. Nilizitoa kwenye vipindi vinne nilivyorekodi Jumamosi moja ya mwezi wa 6, hapa Lubumbashi, kwenye sebule yetu ya Katuba. Katika zote nne nimekaa kwenye kiti kilekile. Nyuma yangu kuna ukuta uleule niliopaka rangi ya maziwa, na juu ya bega langu la kushoto imetundikwa sahani ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, kazi ya mafundi wa mji wetu. Lakini ukuta wa picha ya kwanza ni wa rangi ya maziwa kweli. Wa pili umeingia ubuluu. Wa tatu ni wa manjano, kama nimerekodi chini ya taa ya zamani. Wa nne ni kijivu, na uso wangu umezama gizani.

Leki yangu, yaani mdogo wangu, ambaye ndiye anayeshika kamera, aliziangalia akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yaya, batu batasema uliingia mu nyumba ingine."

Alikuwa na haki. Kipindi changu kinahusu upangaji wa nyumba: garanti, mkataba, risiti, mambo ya kuhama. Hutoka mara moja kwa wiki. Mtu anayekitazama anataka kuingia sebule ileile kila wiki, akute mama yuleyule, nguo tu ndiyo iwe nyingine kwa sababu siku ni nyingine. Mimi nilikuwa nimempa kinyume: siku moja iliyoonekana kama nyumba nne.

Kurekodi vinne kwa siku moja si uvivu. Kuiandaa sebule kunatuchukua saa mbili nzima: makochi yanatoka, godoro linasimamishwa kwenye ukuta wa pembeni ili sauti isirudi, watoto wanapelekwa kwa bibi yao, majirani wanaombwa wapunguze muziki. Leki yangu ana Jumamosi moja tu ya bure kwa mwezi. Kwa hiyo mwezi wote wa kipindi unatoka kwenye siku hiyo moja, na ukiikosea, umekosea mwezi mzima. Ndiyo maana nataka kueleza kwa urefu kilichoharibika siku ile, maana watu wengi ninaowaona wakianza wanahangaikia nguo na pazia, wakati tatizo limekaa ndani ya simu.

Kwanza nilidhani ni jua. Tulianza saa 3 asubuhi, tukamaliza karibu saa 11 jioni, na dirisha lilikuwa wazi. Mwanga wa asubuhi si wa mchana, na wa jioni si wa asubuhi, hilo kila mtu analijua. Lakini nilipokitazama kipindi cha pili tena, polepole, niliona jambo lililonishangaza. Dakika ya tano nainua karatasi ya mkataba kuwaonyesha watazamaji mahali pa kutia saini. Karatasi nyeupe inaingia kwenye picha, na hapohapo uso wangu unakuwa mweusi. Naishusha, uso unarudi. Jua haliwezi kufanya hivyo kwa sekunde mbili. Hiyo ni simu.

Hapo nikapata njia ya kuyatenganisha mambo mawili. Mabadiliko yanayotokea ghafla, kwa sekunde, mtu anaposogea au anaposhika kitu, yanatoka kwenye kamera inayojirekebisha yenyewe. Mabadiliko yanayokuja taratibu kwa nusu saa au saa nzima yanatoka dirishani. Nilikuwa nayo yote mawili, moja juu ya jingine.

Simu ikiachwa ijiamulie, hupima picha nzima kisha inatafuta wastani. Ikiona nyeupe nyingi, inafikiri mwanga umezidi, inapunguza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ndipo uso unapopotea. Ikiona nguo nyeusi, inaongeza mwanga, na ukuta unaungua. Na rangi inazipima vilevile. Kipindi cha pili nilivaa libaya ya kikwembe chekundu chenye machungwa. Simu ilipoona wekundu umejaa nusu ya picha, ikadhani taa ndiyo nyekundu, ikamwaga ubuluu ili kusawazisha. Libaya yangu ikapauka na ukuta ukawa wa baridi. Kipindi cha tatu nilivaa blauzi ya buluu, simu ikafanya kinyume, ikaongeza manjano. Cha nne nilivaa shati jeupe, na wakati huo jua lilikuwa linashuka. Sina haja ya kueleza zaidi.

Kwa maneno mengine, nguo nilizozibadilisha ili vipindi vionekane vya siku tofauti ndizo zilizoibadilisha nyumba. Mtu anayerekodi kipindi kimoja kwa siku anaweza kuishi na simu inayojirekebisha asione kitu. Anayerekodi vinne na kubadili nguo nne hawezi.

Leki yangu alijaribu kurekebisha kwenye montaji. Jioni tatu. Kusawazisha kipindi kimoja na kingine kuliwezekana kwa kiasi, lakini rangi ilikuwa inahama pia ndani ya kipindi kilekile, kila nilipoegemea mbele au kuinua karatasi. Ukirekebisha dakika ya nne, ya tano inaharibika. Tulivitoa vile vipindi hivyohivyo. Mtazamaji mmoja aliandika kuuliza kama nimehama, na kwa kipindi kinachohusu kuhama, lile swali lilinikaa moyoni.

Mwezi uliofuata tulianza na simu kabla ya kitu kingine chochote. Kamera ya kawaida ya simu nyingi ina kifungo cha kuzuia: unabonyeza uso kwenye skrini na kushikilia mpaka kitu kijishike, kwenye iPhone utaona `AE/AF LOCK`. Kizuizi hicho kinashika mwanga na ukali wa picha, lakini usikiamini kwa rangi. Ni bora kutumia sehemu ya video inayokuruhusu kuandika namba mwenyewe. Simu nyingine inayo tayari, na isiyo nayo inaweza kuwekewa programu ya bure kama Blackmagic Camera. Sisi tuliweka hivi, na leki yangu akaziandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya stendi:

```
25 fps
1/50
WB 5500K
ISO 200
```

Namba ya kwanza na ya pili zinaenda pamoja, na zinatokana na umeme wetu. Umeme wa Kongo unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara mbili kwa kila pigo bila jicho kuona. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde haiendi sambamba nayo, na unaweza kuona mistari ya giza inapanda polepole ukutani. Ukiweka picha 25 na kasi ya 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mistari inaondoka. `WB` ni rangi ya mwanga: 5500 ni karibu na mwanga wa mchana, na taa zetu mbili za LED zimeandikwa hivyohivyo. `ISO` ni wepesi wa kamera kushika mwanga, na namba hiyo ni yetu sisi, kwa taa zetu na umbali wetu. Kwako itakuwa nyingine. Muhimu ni kwamba ukishaipata asubuhi, haiguswi tena mpaka jioni, hata ukibadili nguo mara kumi.

Kisha tunafanya jaribio moja ambalo siliachi. Nakaa kwenye kiti, leki yangu anarekodi, na mtu wa tatu anapitisha kikwembe chekundu mbele yangu mpaka kijaze nusu ya picha, anakitoa, kisha anapitisha karatasi nyeupe. Tunaangalia ukuta tu. Ukuta ukisogea hata kidogo, kuna kitu bado kinajiamulia ndani ya simu, na hatuanzi. Jaribio hili linachukua dakika moja, na siku moja lilitukamatia kosa: simu ilikuwa imezimika na kuwaka upya, na namba ya rangi ilikuwa imerudi yenyewe kwenye `AUTO`.

Baada ya simu, dirisha. Hapa kuna jambo ambalo wenzangu wa huku kusini wanapotoshwa na maelezo yaliyoandikwa Ulaya, yanayosema tafuta dirisha la kaskazini. Hilo ni la kwao. Lubumbashi iko kwenye digrii kama 11 na nusu kusini ya ikweta, na kuanzia mwisho wa mwezi wa 3 mpaka karibu mwisho wa mwezi wa 9 jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima. Dirisha linalotazama kusini haliguswi na mwale hata mmoja miezi hiyo yote, na mwanga wake unatulia. Dirisha la kaskazini ndilo linalokuchapa. Majira ya mvua mambo yanageuka, jua la mchana la mwezi wa 12 linapita kusini yetu, na juu yake yanakuja mawingu yanayofunga na kufungua kila dakika tano.

Sebule yetu bahati mbaya inatazama magharibi. Mpaka mchana ni sawa, lakini kuanzia saa 8 jua linaingia moja kwa moja, la manjano, na kwa sababu simu sasa haijirekebishi, umanjano wote unaonekana. Kwa hiyo tunafunga. Blanketi mbili nzito juu ya dirisha, balbu ya sebule imezimwa kabisa (ni ya manjano, ikichanganyika na taa zetu nusu ya uso inakuwa ya chungwa), na zinabaki taa mbili tu za LED zenye betri zake. Moja kubwa iko mbele kulia kwangu, juu kidogo ya macho, imefunikwa kitambaa cheupe chepesi kilichotundikwa mbele yake. Ya pili ni ndogo, iko kushoto, inalainisha kivuli. Umeme ukikatika, na unakatika, picha haijui. Lakini angalia betri: kuna taa zinazofifia betri inapokwisha, polepole kiasi kwamba mtu haoni. Tunabadili betri kila baada ya vipindi viwili hata kama bado zina chaji.

Ile sahani ya shaba ilitufundisha jambo. Ni kitu kizuri sana nyuma ya mtu, inasema Lubumbashi bila neno. Lakini shaba iliyofuliwa ni kioo chenye mabonde. Picha za siku ya kwanza, ukizikuza, zinaonyesha dirisha likitembea ndani ya sahani: asubuhi doa jeupe liko kwenye ukingo wa juu, mchana limefika katikati, jioni ni moto mwekundu mzima. Hata kama ukuta ungekuwa sawa, sahani ingetoa saa. Sasa nyuma ya ukingo wake wa juu tumeweka kipande cha kizibo, imeinama kidogo kuelekea sakafu, na badala ya kurudisha taa inarudisha giza la sakafu. Mng'ao uliobaki ni mstari mmoja mwembamba upande wa kulia, na mstari huo ukihama tunajua kwamba mtu amegusa taa. Imekuwa mlinzi wetu.

Vitu vingine vya nyuma niliviondoa. Saa ya ukutani, bila shaka. Maua, maana yalikuwa yamelegea kipindi cha nne. Glasi ya maji kwenye meza inapungua na kujaa kila ukikata picha, kwa hiyo maji yako chini, pembeni ya kiti. Kimebaki ukuta, sahani, na jiwe dogo la malakiti mezani kwa ajili ya ule ukijani wake.

Kiti na stendi vina alama. Tulipima mara moja, tukapenda: kamera iko mita 1.8 kutoka kwangu, na mimi niko mita 1.2 kutoka ukutani ili kivuli changu kisinibandike ukutani. Kila mguu wa kiti una kipande cha skochi sakafuni, na kila mguu wa stendi pia. Urefu wa stendi umeandikwa kwa kalamu kwenye mguu wenyewe. Halafu kuna picha ya mfano: fremu moja ya kipindi tulichokipenda, iliyo kwenye simu ya pili, na kabla ya kila kipindi leki yangu anazishika skrini mbili pamoja. Macho yangu yawe kwenye mstari wa theluthi ya juu, ukingo wa sahani uwe umbali uleule kutoka kwenye bega. Mtu anayekaa kwa saa nyingi anazama. Kipindi cha nne huwa nimeshuka kama vidole vitatu kwenye kiti bila kujua, na ni hiyo picha ya mfano inayonisema.

Sasa nguo, ambazo ndizo watu huniuliza kwanza.

Picha yetu inakatika kiunoni. Kwa hiyo sketi ni moja kutwa nzima, viatu havipo, kinachobadilika ni blauzi, kitambaa cha kichwa na hereni. Blauzi zote nne zinafunguka kwa vifungo mbele. Nguo ya kupitisha kichwani inaharibu nywele, inafuta poda na kuiacha kwenye kola, na dakika kumi zinapotea. Nywele zenyewe ni zilezile siku nzima, ndiyo maana kipindi cha pili na cha nne nafunga kitambaa, cha kwanza na cha tatu nywele ziko wazi. Jicho la mtazamaji linashika kichwa kabla ya blauzi. Ukibadili blauzi nne na kuacha kichwa kilekile, bado ni siku moja.

Siku mbili kabla, navijaribu vyote mbele ya kamera, sekunde kumi kila kimoja. Kikwembe chenye maua makubwa hakina shida. Kinachosumbua ni mistari myembamba na vinukta vidogo vilivyosongamana: kwenye skrini vinatetemeka, vinatoa mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye kitambaa. Nilikuwa na blauzi moja ya mistari ya buluu na nyeupe niliyoipenda mno, mama mshonaji aliikata vizuri sana, na siwezi kuivaa kipindini. Jambo la pili ni rangi inayokaribia ukuta. Nguo ya rangi ya maziwa inakufanya kichwa kinachoelea. Shati jeupe kabisa pia nimeliacha. Kamera iliyofungwa haitanitia giza tena, lakini nyeupe inaungua kabla uso haujapata mwanga wa kutosha.

La tatu watu hawalifikirii: shingo ya blauzi. Mikro ndogo ya kubana nguoni naiweka shubiri moja chini ya kidevu. Blauzi moja ikiwa na shingo ya chini na nyingine ya juu, mikro inapanda na kushuka, na sauti inabadilika kama umebadili chumba. Nimechagua blauzi ambazo shingo zake zinakaribiana. Na kikwembe kipya hakivaliwi kabla ya kufuliwa mara mbili. Kile kigaga chake cha dukani kinachakacha kila unapovuta pumzi, na mikro iko hapohapo.

Kuhusu sauti, niseme jambo moja tu zaidi. Baada ya kila kipindi tunakaa kimya sekunde 30, mikro ikiwa inarekodi. Kimya cha saa 4 asubuhi si kimya cha saa 9, jirani anapowasha jenereta kwa mbali. Leki yangu anapokata kikohozi au kosa, anajaza pengo kwa kimya cha kipindi hichohicho, na sikio haligutuki.

Ratiba ya siku yenyewe imekuja kwa kukosea. Zamani nilikuwa narekodi kwa mpangilio wa kutoka: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Sauti yangu inashuka mchana na maneno yanakuwa mazito, kwa hiyo mtazamaji alikuwa ananisikia nikichoka wiki baada ya wiki, kisha mwezi mpya unaanza na naamka ghafla. Sasa kipindi kigumu, chenye namba na maelezo marefu, ni cha pili kurekodiwa, saa 4 na nusu hivi, mwili ukiwa umeshachangamka. Cha mwisho ni chepesi, kwa kawaida majibu ya maswali. Kutoka kwao hakufuati kurekodiwa kwao. Chakula cha mchana ni kidogo. Bukari tunaila jioni makochi yakisharudi. Na kabla ya kila kipindi navaa visikilizio nasikiliza sekunde 20 za mwanzo wa kile cha asubuhi, kisha nasema salamu yangu mara mbili kwa kasi ileile. Tangu nianze kufanya hivi, leki yangu hanisimamishi tena kuniambia "Yaya, umeshuka."

Maneno pia yanasaliti. "Leo asubuhi", "wiki iliyopita tulisema", "baridi hii": yote hayo yamepigwa marufuku kwenye karatasi yangu. Karatasi ni kiolezo kimoja chenye nafasi za kujaza. Juu kuna salamu isiyobadilika, ya sekunde 12. Chini yake swali la kipindi kwa sentensi moja, kisha kisa cha mpangaji, kisha la kufanya, kisha kwaheri. Pembeni nimeandika nguo, kitambaa na hereni za kipindi hicho, ili asiwepo mtu wa kukumbuka kwa kichwa. Mara moja nilirekodi kipindi nusu kwa hereni za shaba na nusu kwa za shanga, kwa sababu tulikata picha katikati nijibu simu ya mama, na nilizivua ili niweke simu sikioni.

Upande wa montaji kiolezo ni mradi mmoja tupu uliokwisha pangwa: muziki wa kufungua wa sekunde 6, jina langu linaingia sekunde ya 20, rangi ya herufi, mahali pa nembo, muziki wa kufunga. Leki yangu anaunakili mara nne na kumwaga picha ndani. Jina lilikuwa linatupa shida, kwani linakaa kifuani, na juu ya kikwembe chenye rangi nyingi herufi zilikuwa hazisomeki. Tukaliwekea utepe mweusi nyuma, unasomeka juu ya nguo yoyote. Na hapa ndipo kufunga kamera kunapolipa. Anarekebisha rangi ya kipindi kimoja, ananakili marekebisho hayo, anayabandika kwenye vitatu vingine, basi. Kazi iliyokula jioni tatu sasa inaisha kabla ya chakula.

Majina ya mafaili tunayaandika papo hapo, simu ikiwa bado mkononi, kwa namba ya kutoka na si ya kurekodi:

```
03_RISITI_blauzi-buluu_01.mp4
03_RISITI_blauzi-buluu_02.mp4
```

Rangi ya blauzi ndani ya jina inaonekana kama mchezo, lakini faili likipotea kwenye folda ya kipindi kingine unalitambua bila kulifungua.

Ubaya wa siku moja ni kwamba kosa moja linazaa manne. Mwezi wa tatu wa kazi hii waya wa mikro ulikuwa umelegea, na tuligundua jioni: vipindi vitatu vilikuwa na mkwaruzo, kimoja tu ndicho kilichopona. Tangu hapo, nikiwa nabadili nguo, leki yangu anaingiza kipindi kwenye laptopu na kukisikiliza mahali patatu, dakika ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Dakika ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, maana simu zikipata joto au zikijaa huacha kurekodi bila kupiga kelele. Simu yetu inakula kama megabaiti 130 kwa dakika moja, na kwa siku nzima tunajaza karibu gigabaiti 13, pamoja na makosa.

Na kuna jambo ambalo sikulitegemea. Kipindi cha garanti kilipotoka, maswali yalikuja mengi kuhusu mpangaji aliyelipa bila risiti. Kipindi cha risiti kilikuwa kimerekodiwa wiki tatu kabla, nami sikuwa nimeligusa hilo hata kidogo. Nilihitaji sekunde 40 tu za kuongeza katikati. Mara ya kwanza jambo kama hilo liliponitokea, blauzi ilikuwa imeazimwa na dada yangu kwenda nayo Kipushi harusini, na niliacha pengo hivyohivyo. Safari hii ilikuwepo. Nguo zote nne sasa zinakaa kwenye mfuko wake, hazivaliwi popote, mpaka kipindi cha nne kitoke, na kila kitambaa cha kichwa kina picha tatu, mbele na pande zote mbili, maana fundo hujifunga kwa namna nyingine kila siku.

Basi Jumanne jioni, baada ya kazi, tulitoa kochi moja tu. Skochi ilikuwa bado sakafuni chini ya vumbi. Blanketi dirishani, taa mbili, namba nne kutoka kwenye karatasi. Dada yangu ndiye aliyepitisha kikwembe chekundu mbele yangu, na ukuta haukusogea. Nilifunga kitambaa mara tatu mpaka fundo likalingana na picha, nikasikiliza salamu yangu ya wiki tatu zilizopita, nikasema zile sekunde 40 mara mbili. Leki yangu alizibandika katikati, akarudisha nyuma kidogo, akanipa laptopu nitafute mahali alipounga. Nilitazama mara nne. Mng'ao wa shaba ulikuwa palepale, mstari mmoja mwembamba upande wa kulia, na sikupaona.